Pesa za mukene zimeenda kwa mtu nisiyemjua

Kaka mshauri, salamu kutoka Busia ya Uganda.

Nauza mukene, yaani dagaa, sokoni. Alhamisi mchana nilikuwa namlipa mvuvi wangu wa Majanji shilingi 860,000 kwa simu. Jina lilitokea kabla sijaweka PIN, lakini laini ya mvuvi imesajiliwa kwa jina la mke wake, kwa hiyo nimezoea kuona jina la mwanamke na sikushtuka. Mvuvi akasema hajapata kitu. Kuangalia, nimetuma kwa namba inayoishia 482. Yake inaishia 428. Hapo nikachanganyikiwa, nikaandikia kila mtu. Baadhi ya meseji ni hizi:

Kwa mvuvi: «Umepata? Nimetuma kama laki tisa hivi»

Kwa yule mtu: «Samahani ndugu nimekosea namba hizo pesa si zako usitoe tafadhali»

Kwa kaka yangu: «NIMEIBIWA 861,500 zimeenda saa tisa hii nisaidie»

Kwa yule mtu tena: «Baki na laki moja nirudishie zingine nakuomba huo ni mtaji wote»

Yeye: «Nimeona hela. Nitarudisha Jumatatu niko kwa matatizo»

Mimi: «Jumatatu gani wewe mwizi nitakuletea polisi hapo hapo ulipo»

Tangu hapo amezima simu. Nimepiga 100 ya kampuni ya simu, nikapewa namba ya malalamiko, wakasema nije kituoni kwao na maombi kwa maandishi. Binti yangu anasema nichapishe meseji zote nipeleke zilivyo. Kaka yangu anasema nifute matusi kwanza. Nilishaweka habari hii kwenye kundi la wafanyabiashara wa soko, na jana amenipigia mtu anayesema ni wa kampuni. Niandike nini, kaka?

Mama Z., Busia

*

Mama Z., dada yangu, tulishaongea kwa simu, kwa sababu jambo la namna hii haliwezi kungoja safu itoke. Nilikuambia uende kituoni siku ileile hata kama barua haijakamilika, uombe kiasi kile kizuiliwe kwenye akaunti ya mpokeaji. Kampuni inaweza kushika kilichomo tu. Akishafika kwa wakala akazitoa, hakuna mfanyakazi mwenye kitufe cha kuzitoa mfukoni mwake. Sasa niandike kwa utulivu kuhusu barua yenyewe, maana naona wengi wanafika kaunta na simu iliyojaa kilio, wanaondoka bila kitu.

Kwanza jiweke kwenye kiti cha yule atakayeisoma. Nimekaa kwenye meza ya malalamiko kwa muda, na swali lililokuwa likinisumbua kila siku lilikuwa moja: huyu amekosea namba, au amejuta? Kuna watu wananunua bidhaa, wanalipa kwa simu, wanachukua mzigo, halafu wanakuja mbio kusema walikosea namba. Kampuni ikirudisha pesa kwa neno la mtumaji peke yake, muuza simu au muuza mahindi aliyelipwa kihalali ataamka akaunti ikiwa tupu. Ndiyo maana kwa kawaida wanamtafuta mpokeaji na kuomba ridhaa yake, na ndiyo maana barua inayosema tu «nimekosea, nirudishieni» inalala. Barua yako lazima imwondolee msomaji shaka hiyo: kwamba kati yako na mwenye 482 hakuna biashara, hakuna deni, hakuna ujuano wowote.

Ukishaelewa hilo, zile meseji zinajipanga zenyewe. Hutazipeleka zote kama binti anavyotaka, kwa sababu msomaji mwenye mafaili mengi mezani hatachambua kurasa za maombi na machozi ili apate mistari mitatu inayomhusu. Wala hutafuta hata moja kama kaka anavyotaka, na hili nalisisitiza. Mazungumzo yaliyokatwa katikati yanaonekana. Mpokeaji anayo nakala yake, na siku atakapoonyesha kwamba wewe umeficha sehemu, hata ile sehemu ya kweli itatiliwa shaka. Yaache yote kwenye simu yako. Kwenye WhatsApp tumia Export chat, uyatume kwenye barua pepe ya binti yako, yakae huko salama hata simu ikipotea. Kisha kutoka humo chukua yale tu yanayothibitisha jambo, uyaandike kwenye barua kwa lugha tulivu.

Msingi wa kila kitu si WhatsApp hata hivyo. Msingi ni ule ujumbe wa uthibitisho uliotoka kwenye kampuni baada ya kutuma. Humo mna kiasi, namba iliyopokea, jina, tarehe, saa, ada, na ile namba ya muamala inayoandikwa ID au TID kutegemea mtandao. Namba ya muamala ndiyo mfanyakazi anayoiingiza kwenye mfumo wake kuufungua muamala wako kati ya yote ya siku hiyo. Inakili tarakimu kwa tarakimu, umpe binti aisome kwa sauti huku wewe ukiangalia. Ukikosea tena hapa, barua nzima itazungumzia muamala wa mtu mwingine.

Angalia sasa ulichowaandikia watu. Mvuvi ulimwambia laki tisa hivi. Kaka ulimwambia 861,500. Ujumbe wa kampuni unasema 860,000, na pembeni ada 1,500. Hukudanganya mahali popote. Kwa mvuvi ulikadiria, na kwa kaka ulitaja kile kilichopungua kwenye salio lako. Lakini mtu asiyekujua akiona viasi vitatu kwenye karatasi moja ataanza kuuliza ni kipi cha kweli. Barua itaje 860,000 kama kiasi kilichotumwa, na ada itajwe kando katika sentensi yake. Usiijumlishe kwenye dai, kwa sababu mpokeaji hakuipata hiyo ada.

Saa nayo ni hivyohivyo. Ulimwandikia kaka «saa tisa hii», na ujumbe wa kampuni unasema 14:31, yaani saa nane na nusu. Ulikuwa unataja saa uliyokuwa unalia, si saa uliyotuma. Kwenye barua fuata saa za kwenye skrini kwa mtindo uleule wa 14:31, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuchanganya na saa zetu za kawaida. Mfumo wao unapanga matukio hivyo, na mtu anayelinganisha barua yako na mfumo asilazimike kuhesabu vidole.

Neno «nimeibiwa» liache nje ya barua. Najua ndivyo unavyohisi moyoni, lakini pale kaunta neno hilo linafungua mlango mwingine kabisa. Mhudumu atalishika kama kesi ya utapeli, ataanza kuuliza ni nani anaijua PIN yako, ni nani alishika simu yako, na huenda akaona bora laini yako ifungwe kwanza kwa usalama. Wakati huohuo 860,000 zinaendelea kukaa kwa yule mtu. Ulichofanya ni kutuma mwenyewe, kwa PIN yako mwenyewe, kwa namba isiyo sahihi. Liseme hivyo bila aibu.

Sasa tufike kwenye dhahabu iliyomo katika fujo ile. Ni jibu lake: «Nimeona hela. Nitarudisha Jumatatu niko kwa matatizo». Dada, kwa sentensi hiyo mtu huyu amekubali mambo mawili: kwamba pesa zimemfikia, na kwamba hazimhusu, la sivyo angerudisha nini? Hakusema umemlipa deni. Hakusema ni bei ya kitu chochote. Nukuu maneno yake vilevile alivyoandika, bila kumsahihishia lugha na bila kuongeza nukta, utaje saa aliyoyaandika, na uambatishe picha ya skrini inayoonyesha namba yake juu na saa pembeni. Katika picha hiyohiyo uonekane na ujumbe wako wa kwanza kwake, ule wa upole, kwa sababu unaonyesha uligundua kosa dakika chache tu baada ya kutuma. Mtu aliyejuta biashara huwa haanzi kulalamika haraka hivyo.

Yale maneno ya «baki na laki moja» ndiyo yaliyonifanya nikae nikifikiri. Ulikuwa unamsihi, na ulimwekea sharti: arudishe zilizobaki. Hakuitikia toleo hilo, na hadi leo hajarudisha hata shilingi. Kwa hiyo hana cha kudai kwako. Lakini usiyafiche. Anaweza kuja nayo mwenyewe, aseme mama huyu alinipa zawadi, na hapo kampuni itakuuliza kwa nini hukusema. Yataje wewe mwenyewe kwa sentensi moja, pamoja na lile sharti, kisha useme unaomba kiasi chote. Matusi na tishio la polisi hayathibitishi wala hayakanushi chochote, hivyo hayana nafasi kwenye barua. Yabaki kwenye simu yalipo. Ila kuanzia sasa usimwandikie tena. Kila neno unaloongeza kwa hasira ni karatasi ya kumtetea yeye.

Na kuna ushahidi ambao hukuutaja kabisa, na kwangu una nguvu kuliko picha zote za skrini. Unamlipa mvuvi wa Majanji mara kwa mara kwenye namba ileile. Omba taarifa ya miamala yako ya miezi mitatu, kwenye menyu ya *165# au *185# kulingana na mtandao wako, au hapohapo kituoni. Piga mstari chini ya kila malipo yaliyoenda kwa 428. Msomaji ataona safu nzima ya malipo yenye viasi vinavyokaribiana kwenda kwa namba moja, halafu mara moja tu, siku moja tu, kiasi cha aina hiyo kimeenda kwa namba ambayo tarakimu zake mbili za mwisho zimebadilishana nafasi. Hapo huhitaji kumwapia mtu. Ongeza na ujumbe wa mvuvi wa asubuhi ile unaokutajia bei ya mzigo, kama bado upo.

Barua nimekuandikia hivi. Sehemu zenye nukta ujaze mwenyewe, na namba za simu uziandike kamili, hapa nimeficha kwa sababu inachapishwa.

*

Kwa Meneja, Huduma za Pesa za Simu
Kituo cha Huduma kwa Wateja, Busia

YAH: OMBI LA KUZUIA NA KUREJESHA SHILINGI 860,000 ZILIZOTUMWA KWA NAMBA ISIYO SAHIHI

Mimi ni mwenye laini 07.. ... 316, iliyosajiliwa kwa jina langu na kwa kitambulisho changu cha taifa. Siku ya Alhamisi, tarehe ........, saa 14:31, nilituma shilingi 860,000 kutoka laini hiyo kwenda namba 07.. ... 482. Namba ya muamala ni ........ Ada ya shilingi 1,500 ilikatwa kando.

Namba niliyokusudia ni 07.. ... 428, ya mvuvi wa Majanji anayeniuzia mukene. Niliandika namba kwa mkono na tarakimu mbili za mwisho zikabadilishana nafasi. Laini ya mvuvi imesajiliwa kwa jina la mke wake, ndiyo sababu jina lililotokea kabla ya kuthibitisha halikunishtua.

Simfahamu mwenye namba inayoishia 482. Sijawahi kumuuzia kitu, kununua kwake, kumkopa wala kumkopesha. Taarifa ya miamala ya miezi mitatu niliyoambatisha haina malipo mengine yoyote kati yetu, na inaonyesha malipo yangu ya kawaida kwa namba inayoishia 428.

Saa ........ siku hiyohiyo nilimwandikia mpokeaji kumjulisha kosa na kumwomba asizitoe. Saa ........ alijibu: «Nimeona hela. Nitarudisha Jumatatu niko kwa matatizo». Baada ya hapo simu yake haipatikani. Katika mawasiliano hayo nilimwambia abaki na shilingi 100,000 kwa sharti la kurudisha zilizobaki. Hakukubali toleo hilo wala hakurudisha chochote, kwa hiyo naomba kiasi chote.

Saa ........ nilipiga 100 na kupewa namba ya malalamiko ........

Naomba mzuie shilingi 860,000, au chochote kilichobaki kati yake, kwenye akaunti ya mpokeaji wakati ombi hili linashughulikiwa. Naomba mwasiliane naye kupata ridhaa yake na kurejesha pesa kwenye laini yangu. Kama sehemu imeshatolewa, naomba mrejeshe iliyopo na mnijulishe kwa maandishi kiasi kilichokosekana. Kama mpokeaji atakataa, naomba nipewe jibu hilo kwa maandishi ili nifuate hatua nyingine za kisheria. Siombi kupewa jina wala makazi yake.

Nimeambatisha nakala ya kitambulisho changu, picha ya ujumbe wa uthibitisho, taarifa ya miamala, na picha za mawasiliano yetu.

Jina, namba ya kitambulisho, saini, tarehe.

*

Umeona ni fupi. Ukurasa mmoja unatosha, na kila sentensi ina karatasi ya kuisimamia. Kwa kuwa fomu na kumbukumbu za ofisi hizi ziko kwa Kiingereza, binti akutafsirie sentensi kwa sentensi bila kuongeza chumvi, na nakala zote mbili ziende pamoja. Peleka seti mbili. Moja wabaki nayo, nyingine wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Nimeona malalamiko mengi yakifia hapo tu: mtu anaacha karatasi yake ya pekee kaunta, na wiki ijayo hakuna anayeikumbuka.

Sentensi ya «siombi kupewa jina wala makazi yake» nimeiweka makusudi. Wengi wanapoteza saa nzima wakigombana na mhudumu awape anwani ya mpokeaji. Hawezi. Tangu 2019 Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi za watu, na mhudumu anayezitoa ovyo anajiweka matatani. Lakini taarifa hizo zipo, kwa sababu laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na polisi au mahakama wanaweza kuziomba kwa njia yao. Ukimwonyesha mhudumu kwamba humtaki avunje sheria, atakusaidia kwa moyo mwepesi zaidi.

Kuhusu usajili, umebahatika kuwa laini ni yako. Kwa msomaji mwingine ambaye laini yake imesajiliwa kwa jina la mume au ndugu, huyo mwenye jina ndiye anayetakiwa kuja na kitambulisho na kutia saini, hata kama pesa ni zako. Na kama wakala ndiye aliyeweka pesa moja kwa moja kwenye namba ya mtu mwingine kutoka kwenye simu yake ya kazi, lalamiko linaanzia kwa wakala, kwa maana muamala umesajiliwa upande wake. Mrudie na risiti kabla hajafunga kibanda. Pesa zilizovuka kwenda mtandao mwingine zinachukua muda zaidi, kwa kuwa kampuni yako inabidi iwaombe wale wengine wazuie. Wewe na huyu mtu mko mtandao mmoja, na hiyo ni nafuu kubwa.

Nini kitatokea? Kama pesa bado zimo na akakubali, zitarudi kwako kupitia mfumo. Akikutafuta mwenyewe akasema anataka kurudisha, mwambie aikubalie kampuni itakapompigia. Huenda anaogopa. Matapeli hapa kwetu wanatuma ujumbe bandia wa «umepokea pesa», kisha wanapiga wakilia warudishiwe, na mtu akirudisha anakuwa ametoa zake mwenyewe. Mpokeaji mwenye akili atasita kumrudishia mgeni anayemtukana kwenye simu, na kumwambia apitie kampuni kunamwondolea hofu hiyo. Ukweli kwamba alisema «nimeona hela» na kutaja Jumatatu unanipa matumaini kidogo kwamba si mtu aliyekusudia kula.

Lakini huenda ameshakula. Katika hali hiyo kampuni itakuandikia kwamba salio halitoshi au mpokeaji amekataa, na kwao safari imeishia hapo. Barua hiyo ya kukataa ndiyo tiketi yako. Nenda nayo kituo cha polisi, utoe maelezo, na usiondoke bila namba ya kumbukumbu ya taarifa yako kwenye daftari la kituo. Kwa namba hiyo polisi wanaweza kuiandikia kampuni rasmi. Pia kuna mahakama ya madai madogo, utaratibu ulioanzishwa kwa kanuni za 2011, unaoshughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Dai lako linaingia humo kwa nafasi, na utaratibu wenyewe umetengenezwa kwa mtu anayejisimamia bila wakili. Utatakiwa kwanza umpe mdaiwa barua ya madai, ndiyo maana utahitaji polisi wamtambue. Karatasi zote ulizoambatisha kwa kampuni zitafanya kazi tena huko, na lile jibu lake la «Nitarudisha» ndilo hakimu atakaloanza nalo kumuuliza.

Na kama kampuni yenyewe ndiyo inayokuzungusha, yaani ina barua yako yenye muhuri na haikujibu kwa ndiyo wala hapana, lalamiko lako sasa ni juu ya kampuni, si juu ya mpokeaji. Benki Kuu ya Uganda ndiyo inayosimamia huduma hizi chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2020. Waandikie ukiambatisha nakala yenye muhuri na namba ya malalamiko uliyopewa kwa 100. Usianzie huko. Watakuuliza kwanza kampuni ilikujibu nini.

Limebaki lile la mtu aliyekupigia jana. Huyo si wa kampuni, Mama Z., nakuomba uniamini. Alisoma habari yako kwenye kundi la soko, akajua kiasi, siku na kwamba umechanganyikiwa, na hayo yanamtosha kujifanya mfanyakazi. Atakuomba PIN «ili arejeshe», au akuelekeze ubonyeze tarakimu fulani, na mwisho wake atakuwa amekutumisha hata kile kidogo kilichobaki. Urejeshaji wa kweli hauhitaji PIN yako hata mara moja, kwa sababu kazi inafanyika upande wao. Futa tangazo lile kwenye kundi, ukiwa umeshahifadhi nakala yake pamoja na nyingine. Kama kuna mtu ana shida ya kweli ya kukupata kutoka kampuni, mwambie utafika kituoni, kisha ukate simu.

Na ukipata ujumbe wowote unaosema pesa zimerudi, usifurahie ujumbe. Fungua menyu, angalia salio lenyewe, ulinganishe na taarifa ya miamala. Zikionekana hapo, mlipe mvuvi siku hiyohiyo, ukiichagua namba yake kutoka kwenye majina uliyohifadhi badala ya kuiandika kwa kidole, na mwombe mke wake akuambie jina lake kamili kama lilivyosajiliwa ili ulihifadhi vilevile. Mvuvi naye amengoja kwa subira wakati mashua zinahitaji mafuta, kwa hiyo mpigie leo, kabla ya kampuni kujibu, umwonyeshe barua yenye muhuri ili ajue uko mbioni.